Flati maana yake nini hasa, na kwa nini vidole vya kwenye bango vinapotea

Mchoro wa flati ni mchoro usio na kivuli, usio na mng'ao, usio na rangi inayokolea upande mmoja na kufifia upande mwingine. Kila umbo linajazwa rangi moja mpaka ukingoni, basi. Maana yenyewe imeishia hapo.

Sasa shida inaanza mtu akiagiza bango la kunawa mikono la zahanati anasema "ifanye flati, ya kirafiki", halafu akiletewa kazi mikono imekuwa kama glovu, vidole vinne au hakuna kabisa, na yeye anaridhika anasema ndo flati hiyo. Hapana jamani. Flati inaondoa mwanga, haiondoi taarifa. Kina Otto Neurath, msomi aliyetaka kuelimisha watu kwa picha, na mchoraji wake Gerd Arntz kule Vienna, Austria, miaka ya 1920 walikuwa wanachora watu na mashine kwa rangi tupu bila kivuli hata kimoja, na kilichobaki kilikuwa kimebaki kwa sababu kina kazi ya kumweleza mtu wa kawaida. Miaka ya 1950 Marie Neurath, mjane wa Otto, akaja kufanya kazi hiyohiyo na serikali ya Magharibi mwa Nigeria. Kwa hiyo flati haikuanza na muonekano mpya wa simu za Apple wa 2013, kabla yake walishaitumia watu waliotaka kufundisha kwa picha.

Chukua hatua moja tu kati ya zile za Shirika la Afya Duniani, ile ya kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, vidole vimepishana. Kwenye picha ya kawaida kivuli ndo kinachokuambia mkono upi uko juu. Ukitoa kivuli, mikono miwili ya kahawia moja inaungana inakuwa donge, na mama aliyekaa kwenye benchi mita mbili tatu kutoka ukutani haoni kitu. Wengi hapo wanakimbilia kufanya mkono mmoja kahawia nzito na mwingine kahawia nyepesi, na ni kweli inatenganisha, ila mtu anaweza kudhani ni mikono ya watu wawili, mmoja anamnawisha mwenzake. Mi naona bora uache rangi ileile halafu katikati ya kidole na kidole upitishe mstari wa rangi ya nyuma, wenye upana wa milimita 2 hivi kwenye karatasi ya A3, ukiwa mwembamba kuliko hapo kwa mbali unamezwa.

Halafu kuna kiganja na mgongo wa mkono. Kwetu sisi kiganja ni cheupe kuliko mgongo, sasa hiyo ni zawadi kwa mchoraji wa flati maana rangi mbili tu zinatosha kumwambia mtu mkono umegeukia wapi, na kucha zinamalizia upande wa mgongo. Ukipaka rangi moja kotekote na kucha ukafuta eti kwa sababu ni flati, hatua ya kusugua ncha za vidole kwenye kiganja haisomeki tena, na ile ya kuzungusha gumba ndani ya mkono mwingine ndo kabisa. Na gumba na ncha za vidole ndo sehemu watu wanazosahau wakinawa!

Povu nalo ni hivyohivyo, povu jeupe kwenye karatasi nyeupe halipo, liwekee rangi nyuma yake. Na kabla ya kuchapisha geuza kazi iwe nyeusi na nyeupe uitazame, kwa sababu zahanati ikiishiwa nakala itatoa fotokopi, na kahawia na bluu zenye uzito sawa zinatoka kijivu kimoja, mkono na maji vinakuwa kitu kimoja.

"Ya kirafiki" ni jambo lingine kabisa, haitokani na flati. Inatoka kwenye nyuso, kona za mviringo, na vitu mtu anavyovijua: kibuyu chirizi na kipande cha sabuni kinachoning'inia kwenye kamba, sio bomba la chuma la hotelini. Ila kijidudu usikichekeshe, mtoto akiona kinatabasamu atakipenda.

Kwa hiyo ukimwandikia mchoraji, badala ya "flati, iwe simpo", mwandikie hivi: rangi tambarare, vidole vyote kumi vionekane, kiganja na mgongo vitofautiane. Akikuletea, mwonyeshe mtu bila maneno yale ya chini, muulize huyu wa kwenye picha anafanya nini, na asipojua mkono upi uko juu, irudishe kwa mchoraji.