Barua ya kuomba benki ipange upya mkopo baada ya msimu mbaya: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mkopo wa kilimo hulipwa kwa mavuno, lakini mavuno yakipungua tarehe ya marejesho haisogei yenyewe. Mkopaji anaruhusiwa kuiomba benki ipange upya marejesho yake, na benki nyingi zina utaratibu wa kulishughulikia ombi la aina hiyo. Kinachoharibu ombi mara nyingi ni barua iliyoandikwa kwa kufuata dhana zisizo sahihi kuhusu kile ambacho benki inahitaji kukiona kabla ya kukubali.

Dhana: Ni afadhali kusubiri benki iulize, huenda mambo yakatengemaa kabla ya hapo.

Ukweli ni kwamba thamani ya barua hupungua kila siku inayopita baada ya tarehe ya malipo. Benki huhesabu siku za ucheleweshaji, na kwa kawaida mkopo ambao haujalipwa kwa zaidi ya siku 90 huingizwa katika kundi la mikopo chechefu. Mkopo ukishafika huko, benki hulazimika kutenga fedha zake yenyewe kufidia hasara inayoweza kutokea, na uamuzi juu ya mkopo huo mara nyingi huondoka mikononi mwa afisa mikopo anayemfahamu mkulima na kupelekwa kwa watu wa ukusanyaji madeni. Afisa aliyekuwa na nafasi ya kukusaidia hubaki bila nafasi hiyo hata kama anakuamini.

Kwa hiyo barua iandikwe mara tu inapodhihirika kwamba mauzo hayatatosha, ambapo kwa kawaida ni wiki kadhaa kabla ya tarehe ya marejesho. Mkulima hujua hali ya shamba lake mapema kuliko mtu yeyote, na barua inayofika kabla ya deni kuiva ni ushahidi wa uaminifu ambao maelezo ya baadaye hayawezi kuuchukua nafasi yake. Kama mazao yalikuwa na bima, taarifa kwa kampuni ya bima nayo isicheleweshwe, kwa sababu mikataba ya bima huweka muda maalumu wa kutoa taarifa ya hasara, na benki itauliza juu ya fidia hiyo.

Dhana: Barua ikieleza mateso ya familia kwa kina, benki itaona huruma.

Huruma inaweza kuwapo, lakini anayesoma barua kwanza si mwenye uamuzi wa mwisho. Afisa mikopo huipokea, huandika maelezo yake, kisha hulipeleka ombi kwa meneja au kwa kamati ya mikopo, na huko huulizwa maswali machache ya kawaida: deni limebaki kiasi gani, nini kimetokea, kinaweza kuthibitishwaje, mkopaji atalipa kiasi gani, lini, na fedha hiyo itatoka wapi. Barua isiyojibu maswali hayo humwachia afisa kazi ya kukisia majibu, na afisa makini hatakisia kwa niaba yako.

Sababu ya hasara inatosha kuelezwa kwa sentensi mbili au tatu zenye jambo mahususi. Kuandika kwamba "hali ya hewa ilikuwa mbaya" ni kidogo mno. Kuandika kwamba mvua ilikatika wakati mazao yanatoa maua, na kwamba mauzo yakashuka kutoka kiasi fulani hadi kiasi fulani, kunaweza kukaguliwa kwa stakabadhi za mauzo na kwa maelezo ya afisa ugani. Benki hutaka pia kujua kama tatizo ni la msimu mmoja au ni la shamba lenyewe. Kama ardhi imechoka au soko limepotea kabisa, kusogeza tarehe hakutatibu chochote, na mkopaji mwenyewe anapaswa kulipima jambo hilo kwa ukweli kabla ya kuandika.

Dhana: Benki hupenda ahadi kubwa, kwa hiyo uahidi kulipa haraka iwezekanavyo.

Hii ndiyo dhana inayowaumiza wakopaji zaidi, na inastahili kupitiwa kwa mfano. Mkopo unaopangwa upya mara moja ni jambo linaloeleweka, lakini mkopo uliopangwa upya kisha ukashindikana tena huifanya benki iamini kwamba mkopaji hana uwezo, na ombi la pili huwa gumu sana.

Tuchukue mkulima ambaye salio la mkopo wake ni 600,000, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayotozwa juu ya salio. Mkataba unamtaka alipe sasa 300,000 pamoja na riba ya 108,000, jumla 408,000, na 300,000 nyingine mwaka ujao pamoja na riba yake. Anavuna mara moja kwa mwaka. Mauzo yake ya misimu mitano yamekuwa 1,000,000, kisha 900,000, kisha 1,050,000, kisha 650,000, na msimu huu 400,000. Wakulima wengi wangehesabu kwa kutumia mwaka mzuri, kwa sababu huo ndio wanaoukumbuka. Hesabu ya kuaminika hutumia wastani wa misimu yote mitano, pamoja na mibaya, nao ni 800,000.

Pembejeo, vibarua na usafirishaji humgharimu 300,000 kwa msimu, na matumizi ya kaya ni 200,000 kwa mwaka. Ana biashara ndogo inayomwingizia 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka. Mwaka huu, akijumlisha 400,000 na 180,000 kisha akatoa 500,000 za shamba na kaya, anabakiwa na 80,000. Gharama za msimu ujao lazima zitengwe kabla ya kulipa deni, kwa sababu shamba lisilopandwa halitalipa mkopo wowote. Wapo wanaoliona jambo hili kama kuinyima benki haki yake, lakini afisa mikopo mzoefu hushtuka zaidi anapoona mpango usiotaja pembejeo.

Katika mwaka wa wastani atabakiwa na 480,000. Asiahidi kiasi hicho chote. Akiacha robo yake kwa ajili ya dharura, anapata 360,000 kama kikomo cha malipo ya mwaka. Sasa apime. Akiomba kumaliza salio kwa miaka miwili, malipo ya kwanza yatakuwa 300,000 na riba 108,000, jumla 408,000, na hiyo inavuka kikomo chake. Akiomba miaka mitatu, atalipa 200,000 kila mwaka pamoja na riba ya salio: 308,000, kisha 272,000, kisha 236,000. Kipimo cha mwisho ni msimu hafifu. Mauzo yakirudi kwenye 650,000, atabakiwa na 330,000, na bado ataweza kulipa 308,000. Mpango wa miaka miwili ungeanguka hapo hapo.

Kiini cha barua yake kinaweza kuwa hivi:

> YAH: OMBI LA KUPANGA UPYA MAREJESHO YA MKOPO
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Salio la mkopo wangu ni 600,000, na ninatakiwa kulipa 300,000 pamoja na riba ya 108,000 mwishoni mwa mwezi ujao. Mvua ilikatika wakati mazao yanatoa maua, na mauzo ya msimu huu yamekuwa 400,000, ilhali wastani wangu wa misimu mitano ni 800,000. Sitaweza kulipa kiasi chote kwa tarehe hiyo.
>
> Ninaomba kulipa riba yote ya 108,000 katika tarehe iliyopangwa, kutokana na 80,000 ninazobakiwa nazo na 28,000 za mauzo ya mifugo. Ninaomba salio la 600,000 ligawanywe katika marejesho matatu ya 200,000, pamoja na riba ya salio, yatakayolipwa mwezi mmoja baada ya mavuno ya kila mwaka.
>
> Malipo ya kwanza yatawezekana endapo mauzo ya msimu ujao hayatapungua 628,000. Nikiona dalili za kushuka chini ya hapo, nitaijulisha benki kabla ya tarehe ya malipo. Nimeambatanisha stakabadhi za mauzo za misimu mitano, maelezo ya afisa ugani na mchanganuo wa mapato na matumizi.

Sentensi ya 628,000 huwatia watu wasiwasi, kwa kuwa inaonekana kama kukiri udhaifu. Kwa maoni yangu ndiyo sentensi yenye nguvu kuliko zote katika barua hii. Inaionyesha benki kwamba mkopaji anajua mpango wake unasimama wapi na unaangukia wapi, na kamati ingelihesabu jambo hilo yenyewe hata kama asingelitaja.

Dhana: Kupangiwa upya ni msamaha, hakuongezi gharama.

Deni halipungui, na muda ukiongezeka riba nayo huongezeka. Katika mkataba wa awali mkulima wetu alikuwa amebakiza riba ya 108,000 na 54,000, jumla 162,000. Kwa mpango mpya atalipa 108,000 sasa, kisha 108,000, 72,000 na 36,000, jumla 324,000, yaani mara mbili. Hiyo ndiyo bei ya kupata nafasi ya kupumua, na aifahamu kabla ya kusaini. Ndiyo maana pia inafaa ajitahidi kulipa riba ya mwaka huu hata kwa kuuza kitu kidogo, kwa sababu benki inaweza kuiongeza riba isiyolipwa juu ya deni, nayo ikaanza kuzaa riba nyingine. Aulize kwa maandishi kama kuna ada ya kubadilisha mkataba, na kama mkataba unaruhusu kulipa zaidi mavuno yakiwa mazuri bila kutozwa adhabu.

Dhana: Barua ikipokelewa, marejesho ya zamani yamesimama.

Hayajasimama. Mhuri wa mapokezi huthibitisha tu kwamba barua imefika, na mkataba wa zamani huendelea kutumika pamoja na adhabu zake za kuchelewa, mpaka nyongeza ya mkataba isainiwe na pande zote mbili. Ahadi ya mdomo kutoka kwa afisa, hata aliye mkweli, haimfungi atakayekuja baada yake. Mkopaji abaki na nakala yenye mhuri na tarehe, na siku ya malipo ikifika kabla ya jibu, alipe kile alichosema katika barua kwamba anaweza kukilipa.

Mdhamini naye asisahauliwe. Katika sheria za nchi nyingi, masharti ya mkopo yakibadilishwa bila ridhaa ya mdhamini, dhamana yake inaweza kubatilika, kwa hiyo benki itamtaka asaini upya. Mkopaji anayemweleza mdhamini wake mpango mzima kabla ya kuipeleka barua huepuka ombi kukwama dakika za mwisho kwa sababu ya sahihi moja iliyokosekana.