Kidonda cha Unyayoni Kisichouma kwa Mwenye Kisukari

"Wala hakiumi, daktari." Ndivyo alivyoniambia mzee mmoja mwenye kisukari, aliyekuja na kidonda cha ukubwa wa punje ya harage chini ya kidole gumba cha mguu, ambacho kilikuwa kimekaa wiki sita bila kufunga. Yeye aliona kutouma ni nafuu. Mimi, kutouma huko ndiko kulikonitia hofu, kwa kuwa mahali hapo hubeba uzito wa mwili kila mtu anapopiga hatua, na kidonda cha hapo kisipouma, basi mara nyingi mishipa ya fahamu ya mguu imeharibiwa na sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi.

Nilimwomba afumbe macho, nikamgusa nyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10. Karibu kote hakuhisi kitu. Mwenye ganzi ya namna hii hachechemei, ilhali kule kuchechemea ndiko kunakokipa kidonda nafasi ya kupona. Kwa wiki zote sita mzee alikuwa akikikanyaga upya, na ngozi ikajikinga kwa kuota sugu, ambayo nayo kwa ugumu wake ikawa kama kokoto ndani ya kiatu, ikizidi kuikandamiza nyama iliyo chini yake.

Nilipoichonga sugu ile, kile kitundu cha harage kilitanuka kikawa shimo lenye usaha. Nikaingiza taratibu kijiti cha chuma kisicho na ncha kali, kikagota kwenye kitu kigumu: mfupa. Kidonda chenye maambukizi kikifika hapo, uwezekano wa mfupa wenyewe kuwa umeambukizwa ni mkubwa, na picha ya eksirei ikionekana safi haitoshi kututuliza, kwani katika wiki mbili au tatu za mwanzo madhara huwa bado hayajaonekana.

Mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo yalisikika vizuri, jambo lililonipa matumaini, maana mguu usiopata damu haufikiwi vya kutosha na dawa wala haujengi nyama mpya. Alitumia antibiotiki kwa wiki sita, na mguu ukafungwa plasta ngumu inayosambaza uzito hadi kwenye muundi ili kidonda kisikanyagwe. Plasta hiyo, kwa maoni yangu, ilifanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Kila wiki nilikipima kidonda urefu na upana. Kisipopungua kwa nusu ndani ya wiki nne, huwa siongezi subira, bali narudi kuchunguza damu, mfupa na namna mgonjwa anavyokanyaga. Chake kilipungua, kikafunga baada ya miezi mitatu. Angekuja siku ya kwanza, nisingekuta mfupa. Mwenye ganzi akiona kidonda unyayoni aonwe ndani ya siku moja. Na wekundu ukisambaa, homa ikipanda au ngozi ikigeuka nyeusi, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.