Ujumbe ninaowatumia kabla ya kupuliza dawa ya kunguni, na sababu ya kila sharti

Tukishakubaliana bei na siku, jioni ya kuamkia kazi namtumia mteja ujumbe. Huu ulikwenda kwa mama mmoja wa Tabata, mwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule, kunguni wakiwa vyumba vyote viwili:

"Habari za jioni Mama Neema. Kesho saa 3 asubuhi nakuja kupuliza dawa ya kunguni. Naomba vitu vya vyumbani visitolewe nje. Visogezwe katikati ya chumba, kuta zibaki wazi. Nguo na mashuka yafungwe kwenye mifuko ya nailoni humohumo chumbani. Vyakula, vyombo na maji ya kunywa vifunikwe kwa mifuniko, si kwa kitambaa. Zima feni na funga mtungi wa gesi. Watu wote na paka watoke kabla sijaanza. Nikimaliza saa 5, madirisha yafunguliwe saa 9 alasiri, mrudi ndani saa 10. Msipige deki pembezoni mwa kuta kwa wiki mbili. Nitarudi tena baada ya siku 14."

Ni mrefu kuliko ule wa "kesho tunakuja, mtoke ndani" ambao watu wengi wameuzoea. Kila sentensi ina sababu yake, na anayeijua sababu hairuki.

Nianze na vitu, maana hapa ndipo kazi nyingi za kunguni zinapoharibika. Mtu akiambiwa "ondoa vitu vyumbani" anafanya hivyo kwa moyo mmoja: godoro linaegeshwa ukutani kwa jirani, nguo zinapelekwa kwa dada, sofa linakaa barazani. Kwa mende ushauri huo hauna ubaya mkubwa. Kwa kunguni unawasambaza. Kunguni haishi ukutani tu. Anaishi kwenye mshono wa godoro, kwenye tundu la msumari wa kitanda, kwenye pindo la pazia, ndani ya begi lililo chini ya uvungu. Ukilitoa godoro asubuhi umetoa na kunguni wake. Nikipuliza chumba kitupu napuliza kuta ambazo wengi wao hawapo, na jioni godoro linarudi na wenyeji wake. Jirani naye, baada ya mwezi, anaanza kujikuna.

Ndiyo maana nataka vitu vibaki chumbani, ila vikae katikati, nafasi ya mtu kupita ikiwa imeachwa pande zote. Kitanda nakifungua mwenyewe. Nageuza chaga moja moja na kuangalia pale zinapokaa kwenye fremu, na hapo ndipo dalili zinapoonekana: vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, ambavyo ni kinyesi cha damu iliyomeng'enywa, magamba makavu ya rangi ya kahawia waliyojivua, na mayai meupe ya kama milimita moja yaliyogandishwa kwenye mbao. Kitanda cha chumba cha watoto pale Tabata kilikuwa na mayai ndani ya kila tundu la skrubu upande wa kichwani, na upande wa miguuni karibu hakuna kitu. Kunguni hukaa karibu na anapopatia chakula chake.

Nguo nataka zifungwe kwenye mfuko wa nailoni, ile mikubwa ya taka, mdomo ukasokotwa na kufungwa. Kiroba hakitoshi, kwa sababu kunguni aliyetoka kwenye yai ana kama milimita moja na nusu na mshono wa kiroba hauwezi kumzuia. Nguo hizi sizipulizii dawa. Zinafuliwa kwa maji ya moto, nyuzi 60 kwenda juu, zile zinazostahimili, kisha zinapigwa pasi, hasa kwenye mapindo. Joto linaua kunguni na mayai yake pia. Kuanika juani peke yake sikutegemei, kwa sababu jua likimchoma anahamia upande wa kivulini au anajificha ndani zaidi ya mkunjo.

Jikoni. Dawa ninayotumia ni deltamethrini, ya kundi la pairethroidi, na lebo yake inaniambia mililita 50 kwa lita 5 za maji pale wadudu walipo wengi. Kwa binadamu kiasi hicho kikishakauka ukutani hatari yake ni ndogo, lakini hakuna sababu ya kukila. Bomba la kupulizia linatoa matone makubwa yanayoanguka karibu, na linatoa pia ukungu mwembamba unaoelea na kupita chini ya mlango. Ukungu huo ndio unaotua kwenye sufuria ya maharage iliyofunikwa kwa kanga. Kitambaa kinanyonya dawa na kuishusha ikiwa mbichi juu ya chakula, kwa hiyo nasema mfuniko. Unga, mchele na sukari viwe ndani ya ndoo au kopo lenye mfuniko. Friji ikifungwa inatosha. Vinavyosahaulika kila mara ni ndoo ya maji ya kunywa, mswaki bafuni, chupa ya mtoto ya maziwa, na matunda yaliyo juu ya meza. Kama umesahau, matunda yenye ganda yaoshwe kabla ya kumenywa, na maji yaliyokuwa wazi yasinywewe.

Mtungi wa gesi unafungwa kwa sababu baadhi ya dawa huchanganywa na mafuta badala ya maji, na ukungu wa mafuta ukikutana na moto unawaka. Yangu ni ya maji, lakini sharti naliacha palepale, kwani kupuliza nyumba yenye jiko linalowaka ni kujitafutia balaa. Feni na kiyoyozi vinazimwa ili dawa itue ninapoilenga.

Sasa muda wa kukaa nje. Wengi wananiuliza saa ngapi hasa, na wengine wanasikia tofauti kwa kila fundi. Kuna mambo mawili yanayosubiriwa. La kwanza ni ukungu kutua. La pili ni dawa kukauka, maana dawa ikiwa mbichi inashika kwenye ngozi kirahisi, na ikikauka inang'ang'ania kwenye mbao na plasta. Kipindi cha kiangazi chumba kinaweza kukauka ndani ya saa mbili au tatu. Masika, hewa ikiwa na unyevu wa Dar es Salaam tunaoujua, hata saa nne inaweza kukuta chini ya kitanda bado kuna majimaji. Nikaweka saa nne nyumba ikiwa imefungwa, kisha saa moja madirisha yakiwa wazi. Muda unahesabiwa kuanzia nilipomaliza, si nilipofika, kwa hiyo kwenye ujumbe naandika saa ya kurudi yenyewe. Nikichelewa kumaliza, napiga simu kuisogeza.

Mtu mmoja mzima anaingia kwanza kufungua madirisha na kutoka. Baadaye, kabla watoto hawajaingia, sakafu ya katikati inafutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kwa sababu mtoto anayetambaa anaigusa sakafu siku nzima na mkono unakwenda mdomoni. Meza na kaunta za jikoni nazo zinaoshwa. Mjamzito, mtoto mchanga na mwenye pumu nawashauri walale kwa ndugu usiku huo, bila kubeba mito wala blanketi la nyumbani. Mama Neema alikuwa na mama mkwe mwenye pumu, akalala kwa mwanawe mwingine Kigogo, na nguo alizokwenda nazo zilikuwa zimefuliwa kwa maji ya moto na kupigwa pasi usiku wa jana yake.

Kuhusu wanyama: mwili wa paka hauwezi kuzivunja vizuri dawa za kundi hili, na akijilamba baada ya kupita kwenye sakafu mbichi anaanza kutetemeka. Samaki ndio dhaifu kuliko wote. Tangi lao litolewe, au lifunikwe kwa nailoni na pampu ya hewa izimwe kwa muda wa kazi, kwani pampu inavuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji.

Ukirudi ukakuta harufu inayokaba, macho yanawasha au kichwa kinauma, toka nje, acha madirisha wazi, nawa kwa sabuni. Ngozi ya uso kuchonyota kidogo ni jambo linalotokea na hupita ndani ya siku moja. Kizunguzungu, kutapika au kupumua kwa shida ni vya hospitali, na uende na jina la dawa. Mimi huacha picha ya lebo kwenye simu ya mteja kwa ajili hiyo. Fundi asiyetaka kukuonyesha lebo, au anayekuja na chupa ya soda iliyojaa kitu cheupe, mrudishe. Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na namba ya usajili inapaswa kuwepo kwenye chupa.

Na kuna kitu kimoja ambacho saa za kukaa nje haziwezi kukirekebisha. Kuna watu wanaleta vidonge vya kuhifadhia nafaka, alumini fosfaidi, wanaviweka chini ya kitanda na kufunga chumba. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, ambayo inapita kwenye nyufa na juu ya dari hadi chumba cha mpangaji mwingine aliyelala. Haina dawa ya kuipunguza nguvu mwilini. Vidonge hivyo ni vya ghala, chini ya turubai, mikononi mwa aliyefunzwa. Ukiviona ndani ya nyumba ya kuishi, toa watu wote, pamoja na majirani wa ukuta mmoja, na usivimwagie maji.

Baada ya kupuliza, Mama Neema alinipigia siku ya tatu: "Fundi, bado nawaona, na wanatembea mchana!" Hiyo nilimweleza ni dalili ya dawa kufanya kazi. Kunguni aliyekanyaga dawa anachanganyikiwa, anatoka mafichoni bila mpangilio, na anaweza kuchukua siku kadhaa kufa. Kinachonitia wasiwasi ni kuona wazima wanaokimbia vizuri na kuumwa kila usiku wiki nzima baada ya kazi. Hapo ama kuna maficho tuliyoyaruka, ama kunguni hao wameizoea pairethroidi, na inabidi kubadili kundi la dawa badala ya kuongeza kipimo.

Mayai ndiyo yanayolazimisha safari ya pili. Dawa haiyaui vya kutosha, nayo huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 kwenye joto letu. Siku ya 14 karibu yote yameshaanguliwa na hakuna aliyefikia umri wa kutaga, kwa sababu kila mmoja anapaswa kunyonya damu na kujivua gamba mara tano kwanza. Deki inazuiwa pembezoni mwa kuta ili watoto hao wakitoka waikute dawa ikiwa bado ipo. Na watu warudi kulala kwenye vitanda vyao. Mkihamia sebuleni, kunguni watawafuata huko, ambako sikupuliza.

Safari ya pili pale Tabata nilikuta wadogo wachache kwenye fremu ya kitanda cha watoto, na chumba cha wazazi hapakuwa na kitu. Bei ya safari hiyo imo ndani ya ile ya kwanza, na masharti ni yaleyale, madirisha na mifuniko pamoja.