Je, wajua? Njia ya kutoka kitandani hadi chooni ndo inayopanga chumba cha mzee

Mama mchana anatembea vizuri tu, kwa nini usiku ndo anayumba akienda chooni, na chumba na bafu lake la chini nilijengeje?

Mwili anaoamka nao saa nane usiku sio ule wa mchana. Kwanza ni maji. Kutwa nzima maji yanajikusanya miguuni, ndo maana jioni viatu vinambana, sasa akilala chali yale maji yanarudi kwenye damu, figo zinayachuja na kibofu kinajaa, afu umri ukienda mwili unatoa kidogo ile homoni ya kupunguza mkojo usiku, kwa hiyo kuamka mara mbili tatu kwa mzee hutokea sana. Pili ni presha. Akisimama ghafla damu inashuka miguuni, na mishipa ya mtu mzima haiwahi kukaza kama ya kijana, namba ya juu ya presha inaweza kushuka 20 au zaidi ndani ya dakika 3, na wengine wanameza dawa zinazoizidisha hali hiyo. Hapo ndo kizunguzungu.

Tatu ni macho, na hili watu wengi hawalijui. Mboni ya mzee haifunguki sana gizani kama zamani na lensi imeshakuwa ya njano, kiasi kwamba mtu wa miaka 60 jicho lake linapokea kama theluthi moja tu ya mwanga unaoingia kwenye jicho la mtu wa miaka 20. Na jicho la mtu yeyote likishazoea giza ukimwashia taa kali ya dari linapofuka kwa muda, afu akizima ili arudi kulala inachukua kama nusu saa kuzoea giza tena. Yaani ile taa ya katikati ya dari tunayoiamini inamuumiza mara mbili, akienda na akirudi.

Kwa hiyo mimi nikipanga nyumba ya mzazi sianzi na kuta, naanza na ile njia moja. Inaanzia pale miguu inapogusa sakafu na inaishia pale anapokaa chooni, afu kila kitu kinafuata.

Tuchukue mama wa miaka 78, anatembea na fimbo, ghorofa hapandi tena. Chumba chake kipo chini na bafu lake limeungana na chumba, lina upana wa mita 1.8 na urefu wa mita 2.4. Kitanda nakiweka ili upande anaoshukia uangalie mlango wa bafu, na mlango ukiwa wazi akae akikiona choo kutoka kitandani, kwa mzee anayeanza kusahau hilo linasaidia sana maana anakiona hahitaji kukikumbuka. Urefu wa kitanda usiusome kwenye karatasi ya duka. Mkalishe ukingoni, godoro likiwa limebonyea na uzito wake, nyayo ziguse sakafu zote na magoti yakunje kama pembe ya kiti, kwa wengi inaangukia kati ya sentimita 45 na 50. Kikiwa chini sana anahangaika kunyanyuka, kikiwa juu sana anateleza nacho. Na hapo ukingoni ndo akae dakika moja mbili akichezesha vifundo vya miguu kabla hajasimama, kwa hiyo lazima pawe na kitu imara cha kushika pembeni, sio stuli ya magurudumu.

Mlango wa bafu usifunguke kwenda ndani. Watu wanalichukulia poa hili, lakini mzee akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani mwili wake ndo unaufunga, na wewe uko nje unasukuma unamuumiza zaidi. Uwe wa kuteleza ukutani au ufungukie chumbani, nafasi ya kupita ibaki sentimita 80 au zaidi mlango ukiwa wazi kabisa, maana leo ni fimbo kesho inaweza kuwa fremu ya kutembelea. Kitasa kiwe kile kinachofunguka kwa nje na sarafu.

Sasa tuje kwenye sakafu, hapa ndo mafundi wengi wanakosea na kosa haliwezi kufunikwa na kitu baadae. Bafu lisilo na kizingiti halimaanishi umeondoa kile kijukuta cha shawa ukaacha sakafu ilivyo, ukifanya hivyo maji yatakuja mpaka chini ya kitanda. Maji yanazuiliwa na mteremko, na mteremko unahitaji kina, na kina lazima kipatikane kabla zege halijamwagwa.

Hesabu yake ni hii. Shawa ipo mwisho wa bafu, mbali na mlango, inachukua sentimita 110 za mwisho. Mfereji mrefu wa kutolea maji unakaa chini ya ukuta wa nyuma. Eneo la shawa linapewa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo kwenye sentimita 110 linashuka sentimita 2.2. Zile sentimita 130 zilizobaki kuanzia mlangoni zinashuka kidogo tu, kama sentimita 1 yote, mguu hausikii. Jumla mfereji upo sentimita 3.2 chini ya sakafu ya chumba, na chini yake bado kuna ile kona ya bomba inayobaki na maji ya kuzuia harufu, nayo inataka nafasi yake. Ndo maana zege la bafu linashushwa toka mwanzo, kama sentimita 10 hivi chini ya zege la chumba, lakini kipimo kamili kinatoka kwenye ule mfereji wenyewe, ununue kwanza ndo ufundi uanze. Usizidishe mteremko ukidhani unasaidia maji, ukipita sana hizo sentimita 2 kwa mita kiti cha kuogea kinakaa upande na mzee anahisi anasukumwa.

Faida ya kuwa sawa ni kwamba eneo la shawa likiwa kavu linakuwa sehemu ya kugeukia, hakuna mita inayopotea.

Kama nyumba imeshajengwa una njia mbili, ukate zege ushushe bomba, au unyanyue sakafu ya bafu afu mlangoni uweke mteremko mdogo. Huo mteremko usiwe mkali kuliko 1 kwa 12, yaani kunyanyua sentimita 3 kunataka urefu wa sentimita 36. Ni suluhisho la kubali yaishe ila ni bora mara mia kuliko kangazi ka sentimita 3, maana kidogo hivyo mzee hakioni na nyayo zake hazinyanyuki juu.

Kabla ya vigae, tabaka la kuzuia maji lipandishwe ukutani pia, afu ziba mfereji, jaza maji yaache masaa 24 uone kama yameshuka au ukuta wa pili umelowa. Baada ya vigae mwaga ndoo ya maji pale mlangoni na pale shawa, subiri kidogo. Dimbwi likibaki katikati fundi hajamaliza kazi, mwambie siku hiyo hiyo. Vigae vya eneo la shawa viwe vidogo na visivyong'aa, vidogo vinafuata mteremko vizuri na ile mistari ya kati inashika mguu. Vinavyong'aa vina shida nyingine usiku, vinarudisha mwanga na mzee anadhani ni maji, anaanza kukwepa kitu ambacho hakipo.

Vishikio navyo vinaamuliwa ukuta ukijengwa. Tofali za matundu haziwezi kushika plagi ya plastiki ya skrubu na uzito wa mtu anayeanguka, kwa hiyo yale maeneo jaza zege kwenye matundu, pembeni ya choo na shawani, afu upige picha ukuta kabla ya plasta ujue zege lipo wapi. Kipimo cha kishikio kizuri ni mtu mzima kukivuta kwa uzito wake wote bila kutikisika. Kile cha kutundikia taulo kisikae karibu na choo, maana mzee akiteleza hachagui, atashika kilicho karibu. Choo chenyewe, kwa kiti, kiwe sentimita 45 hadi 48, na kifuniko kiwe rangi tofauti na sakafu na ukuta. Choo cheupe kwenye vigae vyeupe usiku kinapotea, anakaa akikadiria.

Mwisho taa, na hapa napenda ziwe chache na ziwe chini. Moja chini ya kitanda upande anaoshukia, moja kwenye ukuta wa njia kama sentimita 30 kutoka sakafuni, moja ndani ya bafu chini ya sinki. Zote zimulike sakafu, na akiwa amelala asiione balbu yenyewe. Rangi iwe ya kaharabu au ile ya njano, kelvini 2700 kushuka chini, kwa sababu mwanga mweupe wenye ubluu unauambia ubongo kumekucha na usingizi haurudi.

Sensa ndo yenye ujanja. Sensa ya kawaida inahisi joto la mwili linalohama, na inamwona haraka mtu anayekatisha mbele yake kuliko anayeijia uso kwa uso. Kwa hiyo usiiweke mlangoni ikimtazama mama, iweke pembeni ya njia, chini, imuone miguu ikishuka. Ikiwekwa juu kila akijigeuza kitandani taa inawaka, kesho yake ataiziba na kitambaa. Muda wa kuwaka uusogeze mpaka dakika 5 hadi 10 kwa ile ya bafuni, nyingi zinakuja na sekunde 30 au 60, na mzee akikaa ametulia chooni sensa haioni kitu, inazima, anabaki gizani akiwa ndo ananyanyuka. Taa hizo ziwe na betri ya ndani umeme ukikatika.

Ukimaliza usiikague mchana. Subiri usiku, zima kila kitu, lala kwenye kile kitanda mpaka macho yazoee giza, afu amka uende kwa mwendo wake, na fimbo mkononi, bila kugusa swichi yoyote. Pale utakapotaka kunyoosha mkono utafute ukuta ndo panapokosa kishikio au taa. Na kama vyote vipo sawa na mama bado anayumba kila akisimama, hapo sio kazi ya fundi tena, apimwe presha amelala, afu amesimama, na daktari aziangalie dawa anazomeza na saa anazozimeza.