Hewa Iliyofungwa Kifuani Inavyousogeza Moyo

"Je, hewa tu inawezaje kuusukuma moyo mpaka upande mwingine wa kifua?"

Moyo haukujengewa mahali pake kama nguzo. Unakaa katikati ya kifua pamoja na mishipa mikubwa ya damu, umio na bomba la hewa, vyote laini, vikiwa vimebanwa na pafu huku na pafu kule. Kila pafu ni kama mpira uliovutwa: muda wote linataka kunywea. Ukuta wa kifua nao unataka kutanuka. Katikati yao kuna utando wa tabaka mbili wenye maji kidogo, na kwa kuwa huyu anavuta huku na yule kule, shinikizo la hapo huwa chini ya lile la hewa ya nje, kama sentimita 5 za maji mtu akishatoa pumzi. Mvuto huo, ukiwa sawa kulia na kushoto, ndio unaouweka moyo katikati.

Hewa ikipata tundu, inafyonzwa kati ya tabaka hizo, na pafu linanywea. Hiyo ndiyo nimothoraksi. Inaweza kuja yenyewe, kwa mfano kwa kijana mrefu mwembamba anayevuta sigara, ambaye lengelenge dogo juu ya pafu lake limepasuka, au kwa mtu ambaye pafu lake lilishaharibiwa na kifua kikuu. Inaweza kutokana na kisu, ubavu uliovunjika, au hata sindano ya hospitalini. Ila kwa swali letu, kubwa ni tabia ya tundu lenyewe. Likijiziba, hewa iliyoingia hunyonywa na damu polepole. Likibaki wazi kwenye ukuta wa kifua, hewa huingia na kutoka kwa sauti ya kufyonza. Likiwa la kupitisha upande mmoja tu, kama vali ya tyubu ya baiskeli, hapo ndipo pana hatari kubwa kuliko zote: nimothoraksi ya shinikizo.

Tuseme dereva wa bodaboda ameanguka, ubavu wake wa kulia umevunjika na ncha yake imechana pafu. Kipande cha pafu kilichochanika kimebaki kikining'inia kama mlango. Akivuta pumzi, mlango unafunguka na hewa inatoka pafuni kuingia kati ya tabaka zile. Akitoa pumzi, mlango unajifunga. Kila pumzi inaongeza kidogo, wala hakuna kinachotoka.

Mwanzoni moyo unasogea kidogo kwa sababu ya kuvutwa: pafu la kushoto bado linavuta, la kulia limeacha. Hewa inapozidi kujaa, shinikizo la kulia linapita la hewa ya nje, na sasa moyo unasukumwa hasa. Pafu la kushoto, ambalo ndilo tegemeo lake, nalo linaanza kubanwa.

Mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni una ukuta mwembamba, na damu yake inatembea kwa shinikizo dogo sana. Kifua kikijaa shinikizo, damu hiyo inashindwa kuingia. Moyo unapiga mbio, lakini hauna cha kutosha cha kusukuma. Kwa anayepumua mwenyewe, mara nyingi oksijeni hushuka kwanza, presha baadaye. Kwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, presha inaweza kuporomoka ghafla, maana mashine inasukuma hewa ndani kwa nguvu.

Ukimwona dereva wetu, anahema kwa haraka na hawezi kumaliza sentensi. Kifua cha kulia kimetuna na hakipandi vizuri. Ukikigonga kinalia kama debe tupu, ukiweka stetoskopu husikii pumzi. Mishipa ya shingo inaweza kuvimba, ingawa kama amepoteza damu nyingi huenda isionekane. Bomba la hewa kusogea kushoto ni dalili inayochelewa kuonekana. Anayeingoja, au anayempeleka kwanza eksrei mgonjwa anayezimika, anampoteza.

Mhudumu aliyefunzwa huingiza sindano nene na ndefu ubavuni, nafasi ya 4 au ya 5 kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, au nafasi ya 2 chini ya mtulinga. Hupita juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu imejificha chini ya ukingo wa chini. Hewa inaweza kusikika ikitoka kwa kishindo kama tairi linalotolewa upepo.

Jeraha lililo wazi pia linaweza kugeuzwa kuwa la aina hii na mkono wa msaada: ukilibandika plasta pande zote, hewa inayovuja kutoka pafuni inakosa njia. Ndiyo maana hufundishwa kubandika pande tatu na kuacha moja.

Sindano hununua dakika tu. Baadaye huwekwa mrija, na mwisho wake huzamishwa sentimita 2 ndani ya maji ya chupa iliyowekwa chini ya kitanda. Mgonjwa akikohoa, mapovu yanatoka, na maji yanazuia hewa isirudi. Safari hii vali inafanya kazi upande unaotakiwa.