Barua ya kuomba udhamini: weka ombi, faida na tarehe kwenye aya ya kwanza

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Tandahimba huisoma barua yako akiwa amesimama. Kijana wa kaunta amempa bahasha, mteja anauliza bei ya mabati ya geji 30, na nje kuna bodaboda inasubiri mzigo. Anachosoma kwa utulivu ni aya moja tu. Kwa hiyo barua zote ninazoandikia timu na vikundi huku kusini nazijenga kutoka aya hiyo, na mengine yote yanafuata nyuma yake.

Tazama mwanzo tuliouzoea:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Timu yetu ilianzishwa kwa lengo la kuwaunganisha vijana na kuwaepusha na makundi mabaya. Hata hivyo inakabiliwa na changamoto mbalimbali ikiwemo ukosefu wa vifaa. Hivyo tunaomba msaada wako wa hali na mali."

Tatizo kubwa hapo ni hilo neno "hali na mali". Halina kipimo. Mwenye duka hajui kama unataka elfu ishirini au laki tano, na mtu asiyejua kiwango hutoa kile kidogo kitakachomwondolea lawama. Akishakupa elfu ishirini amemaliza, na huwezi kurudi tena msimu huo. Halafu umeomba msaada, siyo udhamini. Msaada hutoka mfukoni mwake kama sadaka. Udhamini ni biashara: anatoa fedha, anapata kitu.

Sasa tuchukue timu ya kata inayojiandaa na ligi ya vijana itakayoanza Jumamosi, 28 Novemba 2026. Kichwa kiwe "YAH: OMBI LA UDHAMINI WA JEZI 18", kisha aya ya kwanza:

"Tunakuomba udhamini jezi 18 za timu yetu kwa shilingi 450,000, zitakazovaliwa katika ligi ya vijana ya kata kuanzia 28 Novemba 2026. Jina la duka lako litachapwa kifuani kwenye kila jezi, bango lako litatundikwa uwanjani katika mechi zetu zote 8, na hatutachukua mdhamini mwingine anayeuza vifaa vya ujenzi. Tunaomba jibu lako kabla ya saa 10 jioni, Ijumaa, 30 Oktoba 2026, ili jezi zichapwe na kufika kwa wakati."

Sentensi tatu. Ya kwanza ni ombi, na namba yake ina maelezo: wachezaji 11 wa kuanza na 7 wa akiba, kila jezi shilingi 25,000 pamoja na uchapaji. Bei hiyo ni ya mfano. Wewe andika iliyo kwenye ankara ya mchapaji wako, na uiambatishe. Usiandike "takribani", kwa sababu mfanyabiashara akiona takribani anaanza kupunguza.

Sentensi ya pili ndiyo inayoharibika mara nyingi. Watu huandika "utapata kujitangaza", maneno ambayo hayamwambii chochote. Faida iandikwe kwa kitu kinachohesabika na kilicho mikononi mwako: kifua cha jezi, bango, mechi 8. Usimwahidi kwamba Mkuu wa Wilaya atalitaja duka lake siku ya fainali, maana ulimi wa Mkuu wa Wilaya siyo wako kuuahidi.

Faida pia ilingane na biashara ya huyo unayemwomba. Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba, na wakulima wakishalipwa kupitia vyama vyao vya msingi, wengi hununua mabati na saruji. Mechi za Novemba na Desemba zinawakuta watu hao wakiwa na fedha na mipango ya kujenga. Kwa mwenye mabati, hiyo ni hoja nzito, na inastahili sentensi ya kwanza ya aya ya pili. Barua hiyohiyo ukiipeleka kwa mwenye nyumba ya wageni, ibadilishe: mwambie kuhusu timu ngeni zitakazolala mjini, kama kweli zitalala.

Ahadi ya kutochukua mdhamini mwingine wa biashara hiyo ina nguvu, lakini inakubana. Ukishaiandika, huwezi kupeleka nakala kwa duka la jirani siku hiyohiyo. Wafanyabiashara wa mji mmoja huongea, na wakigundua kwamba wote wawili wameahidiwa kifua kimoja, utawakosa wote.

Hapo ndipo tarehe ya mwisho inapopata kazi yake. Tarehe isiyo na sababu inaonekana kama amri, na kumwamuru mtu unayemwomba ni utovu wa adabu. Ihesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Ligi inaanza tarehe 28. Chukulia mchapaji wa Dar es Salaam anahitaji siku 10, na basi siku 2. Ukiagiza Jumatatu ya tarehe 9 Novemba, jezi zinafika tarehe 21, na unabaki na wiki moja ya tahadhari. Wiki hiyo usiiguse. Barabara yetu ina historia, kama mwaka 2024 mvua za Mei zilipoikata maeneo ya Somanga. Kati ya 30 Oktoba na 9 Novemba una siku za kumwendea mwenye duka wa pili iwapo wa kwanza atakataa. Barua yenyewe ifike dukani mapema, tuseme Jumatatu ya 12 Oktoba.

Najua wengi wanaona kuanza na ombi ni kukurupuka. Salamu zina mahali pake, nazo hutolewa kwa mdomo mlangoni: shikamoo kama ni mzee, habari za nyumbani, habari za korosho. Kwenye karatasi, "Ndugu Mkurugenzi" inatosha kuonyesha heshima.

Historia ya timu ipate sentensi mbili katika aya ya pili. Aya ya tatu ieleze fedha zinalipwa wapi: moja kwa moja kwa mchapaji, au akaunti ya timu. Namba ya simu ya katibu isitumike, hata kama ni mwaminifu. Ambatisha utambulisho wa Afisa Mtendaji wa Kata. Kama una ombi dogo la akiba, mfano mipira miwili, usiliweke popote kwenye barua, kwa sababu atachagua hilo. Libaki mdomoni hadi akisema laki nne na nusu imemzidi.

Peleka kwa mkono, aliyepokea asaini kwenye daftari lako pamoja na tarehe. Jumatatu ya 26 Oktoba pita dukani asubuhi, kabla wateja hawajajaa, umkumbushe. Akisema "njoo kesho", muulize saa ngapi.

Ijumaa saa 10 ikipita kimya, mtumie ujumbe jioni hiyohiyo: "Asante kwa kuipokea barua yetu. Kwa kuwa muda umefika, nafasi ya kifua tutaipeleka kwa mwingine kuanzia kesho." Ujumbe huo unakuondolea ile ahadi uliyomwekea, na Jumamosi asubuhi unaweza kuingia duka la pili mikono yako ikiwa safi.