Mrabaha wa Mwanamuziki Aliyefariki: Anayelipwa ni Msimamizi wa Mirathi

Malalamiko ya familia za wanamuziki kwamba vyama vya mirabaha vimekatalia fedha za marehemu mara nyingi huanzia hapa: mlalamishi amekuja na barua ya chifu pekee. Barua hiyo hutaja warithi tu, haimpi mtu mamlaka ya kupokea chochote. Kuwa kifungua mimba, au kuwa mpiga gitaa wa bendi ile kwa miaka mingi, nako hakutoshi.

Nchini Kenya, hakimiliki hurithiwa kama mali nyingine inayohamishika. Haki ya mtunzi wa wimbo hudumu miaka 50 baada ya kumalizika mwaka aliofariki. Aliyefariki Machi 2005, tungo zake zinalindwa hadi tarehe 31 Desemba 2055. Rekodi huhesabiwa kivyake, miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa, hivyo rekodi ya 1970 ya mtunzi huyo haina tena ulinzi ilhali wimbo wenyewe bado unao. Na ikiwa marehemu aliuhamisha wimbo kwa mkataba wa maandishi wenye sahihi yake, warithi hawawezi kudai kilichokwisha kuuzwa. Soma mikataba kwanza.

Kama hakuna wasia, familia huomba mahakamani hati ya usimamizi kwa fomu P&A 80, ikiambatanishwa na cheti cha kifo, barua ya chifu na kiapo cha P&A 5 kinachoorodhesha mali. Kosa kubwa hutokea kwenye kiapo hiki: watu huandika shamba, gari na akaunti ya benki, kisha nyimbo husahaulika. Ziandikeni kwa majina, pamoja na watunzi wenza na nambari ya uanachama ya marehemu. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na wenye pingamizi hupewa siku 30. Miezi sita baada ya hati kutolewa, msimamizi huomba ithibitishwe, na hapo ndipo mgawo hukamilika.

Tuseme marehemu, asiye Mwislamu, ameacha wake wawili: mmoja na watoto watatu, mwingine na watoto watano. Kila mtoto ni fungu moja na kila mjane fungu moja, jumla mafungu 10. Mrabaha wa shilingi 200,000 utatoa 80,000 kwa nyumba ya kwanza na 120,000 kwa ya pili. Ndani ya nyumba, mjane hufaidi mapato akiwa hai, lakini hawezi kuuza nyimbo apendavyo, kwa kuwa watoto wana haki baada yake. Mirathi ya Mwislamu hufuata sheria ya Kiislamu.

Anayepokea au kutumia mrabaha wa marehemu bila hati anaingilia mirathi. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na bado atawajibika kwa msimamizi halali wa mirathi kwa kiasi alichochukua. Tafadhali msimtume mtu “achukue tu kwanza, tutagawana nyumbani”.

Hati ikishapatikana, pelekeni nakala kwa kila chama alichojiunga nacho marehemu, kwa sababu fedha za utunzi na za uimbaji huenda zikakusanywa na vyama tofauti. Kabla ya kwenda, ulizeni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni vyama vipi vina leseni mwaka huo.